Pensheni ya serikali ni ahadi, mfuko wa kampuni ni akiba: jua tofauti kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, kijana wa binti wa khalati yangu alinifuata barazani akiwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa hati yake ya mshahara kutoka serikalini, ambako ameajiriwa tangu mwaka 2018. Ya pili ilikuwa barua ya kazi kutoka kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Mshahara mpya ulikuwa unazidi wa zamani kwa shilingi elfu kumi.

"Ami, niende au nisiende?" akaniuliza.

Mamake alikuwa ameshamkataza. Hakumkataza kwa sababu kampuni ni mbaya, bali kwa yaliyompata yeye mwenyewe. Mwaka 2016 aliacha kazi ya serikali baada ya miaka 14, akiwa na umri wa miaka 38, na kwa miaka yote ile hakupata hata shilingi moja ya pensheni. Tangu hapo akisikia mtu anataka kuacha kazi ya serikali, huona mtu anayetaka kujitupa baharini.

Nilikaa na kijana hadi magharibi. Niliyomwambia nayaandika hapa kwa sababu najua nyumba nyingi za Pwani zina mjadala huu huu. Wazazi walikuwa walimu, makarani na wauguzi wa serikali, na watoto wako hotelini, bandarini na kwenye makampuni. Mzee akimpa mtoto nasaha, huzungumzia pensheni anayoijua yeye, na huenda si ile aliyo nayo mtoto.

Tuanze na swali ambalo watu wengi hawaulizi: pesa hizo ziko wapi sasa hivi?

Kwa pensheni ya zamani ya watumishi wa serikali, ile inayosimamiwa na Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, jibu ni kwamba haziko popote. Mtumishi hakuwa akikatwa mchango wa pensheni yake, na serikali nayo haikuwa ikiweka kitu kando kwa jina lake. Anapostaafu, hulipwa kutoka Mfuko Mkuu wa fedha za serikali, yaani kutokana na ushuru unaokusanywa mwaka huo. Mwalimu aliyestaafu jana analipwa na kodi ya muuza samaki wa leo. Hakuna shamba wala hisa iliyonunuliwa kwa ajili yake. Ana ahadi tu, na ahadi ni deni.

Ahadi hiyo ina kanuni yake, nayo ni ya kueleweka. Kwa kila mwezi uliofanya kazi, unapata sehemu moja kwa 480 ya mshahara wako wa msingi wa mwisho. Chukua mtumishi aliyeajiriwa mwaka 1985 na kustaafu mwaka 2019 akiwa na miaka 60. Amefanya miaka 34, ambayo ni miezi 408. Gawanya 408 kwa 480 upate asilimia 85. Kama mshahara wake wa msingi wa mwisho ulikuwa shilingi 48,000, pensheni yake ni shilingi 40,800 kwa mwezi.

Sheria inamruhusu kubadilisha robo ya pensheni hiyo iwe mkupuo. Robo ni shilingi 10,200 kwa mwezi, sawa na 122,400 kwa mwaka. Kiasi hicho cha mwaka huzidishwa mara 20, naye hupokea shilingi 2,448,000 kwa pamoja. Zinabaki shilingi 30,600 ambazo hulipwa kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba mstaafu hajali soko la hisa lilipanda au lilianguka. Hata kama mshahara wake ulikuwa mdogo kwa miaka 30 kisha akapandishwa cheo mwishoni, hesabu yote hufuata mshahara ule wa mwisho. Hatari yote imebebwa na serikali. Ubaya wake ni kwamba serikali ikikosa pesa taslimu mwezi huo, mkupuo unachelewa, na mstaafu hana mfuko wa kuugongea mlango. Ndiyo maana habari za wastaafu wanaongojea malipo haziishi magazetini.

Mfuko wa mwajiri wa binafsi huenda kinyume na hapo. Kila mwezi mfanyakazi hukatwa asilimia fulani, mwajiri naye huongeza yake, na zote huingia kwenye akaunti yenye jina la mfanyakazi. Fedha hizo hazikai na mwajiri. Husimamiwa na wadhamini, huwekezwa na meneja wa fedha aliyepewa kibali, na mali yenyewe hutunzwa na mtunzaji mwingine tofauti, ambaye mara nyingi ni benki. Juu yao wote ipo Mamlaka ya Kusimamia Mafao ya Uzeeni, RBA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kampuni ikifilisika kesho, wadai wake hawaruhusiwi kugusa mfuko huo.

Kwa sisi Waislamu swali la pesa ziko wapi lina upande mwingine. Mifuko mingi huweka sehemu kubwa katika hati za dhamana za serikali, ambazo zina riba. Anayejali hilo ana haki ya kuwauliza wadhamini wamewekeza wapi, na kama kuna chaguo linalofuata sharia. Mifuko ya namna hiyo sasa ipo nchini.

Lakini katika mfuko huu hakuna anayekuahidi asilimia 85 ya mshahara wa mwisho. Utapata kilichochangwa na faida yake, basi. Kama michango ilikuwa midogo, au uwekezaji ulikwenda vibaya, hatari ni yako.

Sasa tuje kwenye swali la pili, lililomwumiza mama wa kijana: ni lini pesa hizo huwa zako kisheria?

Katika mpango wa zamani wa serikali, miaka 10 ndiyo kizingiti. Aliyestaafu kabla ya kufikisha miaka 10 ya utumishi hapati pensheni ya kila mwezi, hupewa kiinua mgongo cha mara moja. Lakini wengi walisikia "miaka kumi" wakadhani kwamba ukishavuka hapo uko salama. Hapo ndipo walipokosea. Miaka 10 haitoshi peke yake. Lazima pia uondoke kwa njia inayokubaliwa na sheria: umefikia umri wa kustaafu, au umeomba kustaafu mapema ukiwa na miaka 50 na zaidi, au umeondolewa kwa ugonjwa, au cheo chako kimefutwa. Anayeandika barua ya kujiuzulu akiwa na miaka 38 hajastaafu. Ameacha kazi, na pensheni ameiacha nyuma.

Binti wa khalati yangu alikuwa na miezi 168 ya utumishi na mshahara wa msingi wa shilingi 40,000. Kwa kanuni ile ya 480, alikuwa ameshajijengea pensheni ya shilingi 14,000 kwa mwezi. Laiti angekuwa na miaka 50 siku ile, angeondoka nayo. Kwa kuwa alikuwa na 38, aliondoka na barua ya kushukuriwa. Sheria yenyewe inasema wazi kwamba hakuna mtumishi mwenye haki kamili ya pensheni kwa utumishi wake uliopita. Hakuna aliyemwibia. Ni kwamba alidhani ana akiba, kumbe alikuwa na ahadi yenye masharti.

Mfanyakazi wa binafsi hali yake ni nyingine. Anachokatwa kwenye mshahara ni chake tangu shilingi ya kwanza. Anachochangiwa na mwajiri pia huwa chake baada ya muda mfupi unaoelezwa katika kanuni za mfuko, wala mwajiri hawezi kumwekea kizingiti cha miaka 10. Hata akifukuzwa kwa kosa, michango yake haifutwi kama inavyoweza kufutwa pensheni ya mtumishi aliyefukuzwa.

Nina jirani aliyefanya kazi katika hoteli moja ya Diani kuanzia mwaka 2006 hadi 2020, miaka 14 kama binti wa khalati yangu. Kwa wepesi wa hesabu tuseme mshahara wake ulikuwa shilingi 40,000 wakati wote. Yeye alikatwa asilimia 5, yaani shilingi 2,000, na hoteli ikaongeza asilimia 7.5, yaani 3,000. Kwa mwezi 5,000, kwa mwaka 60,000. Kwa miaka 14 hiyo ni michango ya shilingi 840,000. Mfuko ukipata faida ya asilimia 8 kwa mwaka, inafika kama shilingi milioni 1.45. Korona ilipofunga hoteli na yeye kuachishwa kazi akiwa na miaka 41, pesa zile zilikuwa zake. Watu wawili, miaka sawa, mshahara sawa. Mmoja hakutoka na kitu, mwingine alitoka na zaidi ya milioni moja.

Hata hivyo, hadithi ya jirani haina utamu mtupu. Alipopewa taarifa ya akaunti yake, alikuta miezi tisa ya mwisho haina mchango wowote. Katika hati ya mshahara alikuwa amekatwa kila mwezi, lakini pesa hazikufika kwenye mfuko. Tisa mara 5,000 ni shilingi 45,000 ukiacha faida yake. Huo ndio ugonjwa wa mifuko ya michango. Hata baadhi ya kaunti zimekuwa zikilaumiwa kwa miaka kwa kukata wafanyakazi na kutopeleka fedha kwenye mifuko yao ya uzeeni.

Namna ya kuujua ugonjwa huu ni moja tu. Chukua hati zako za mshahara, chukua taarifa ya mwaka ambayo mfuko unapaswa kukupa, kisha linganisha mwezi kwa mwezi. Mwezi uliokatwa ambao hauonekani kwenye taarifa, waandikie wadhamini. Wasipojibu, peleka malalamiko RBA ukiwa bado kazini. Ukingoja hadi kampuni ifungwe, utakuwa mmoja katika foleni ndefu.

Swali la tatu ni la kuhama: je, unaweza kubeba pesa zako kwenda kazi nyingine?

Pensheni ya zamani ya serikali hubebeka ndani ya serikali tu. Karani akihamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine, au akiazimwa kwa taasisi ya umma kwa utaratibu ulioidhinishwa, utumishi wake unaendelea kuhesabiwa. Akivuka kwenda kampuni binafsi, hakuna cha kubeba, kwa sababu kama nilivyosema hakuna mfuko wenye jina lake.

Fedha za mfuko wa binafsi unaweza kuzihamishia kwenye mfuko wa mwajiri mpya, au kwenye mpango wa uzeeni wa mtu binafsi, au ukaziacha pale pale zikaendelea kuzaa. Unaweza pia kuchukua sehemu yake mkononi, ingawa si zote, kwani sehemu ya mchango wa mwajiri hufungiwa hadi umri wa kustaafu. Na hapa ndipo uhuru unapogeuka mtego. Jirani yangu alichukua kila alichoruhusiwa kuchukua. Simlaumu, watoto walikuwa nyumbani na hoteli zimefungwa. Alinunua tuktuk, na tuktuk ile leo ni chuma kilichokaa chini ya mwembe. Kiasi kilichofungiwa ndicho pekee kilichobaki, na ndicho kitakachomngoja uzeeni. Mtumishi wa serikali hana ruhusa ya kula pensheni yake kabla ya wakati, na ugumu huo ambao tunaulalamikia ndio uliowafanya wazee wetu wengi wapate chakula hadi leo.

Sasa turudi kwa kijana na karatasi zake mbili. Mama alimpa nasaha ya mwaka 2016, na mambo yalibadilika Januari 2021. Siku hiyo ndipo ulipoanza kazi Mpango wa Malipo ya Uzeeni wa Utumishi wa Umma, uliotungiwa sheria tangu mwaka 2012 kisha ukalala miaka. Watumishi wa serikali kuu, walimu na polisi waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa kwa lazima. Waliofikisha 45 na zaidi walipewa hiari ya kubaki na mpango wa zamani. Mtumishi alianza kwa kukatwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, na 7.5 kuanzia mwaka wa tatu. Serikali huchangia asilimia 15. Pesa huingia kwenye akaunti ya mtu.

Kwa hivyo kijana huyu ana vitu viwili. Miaka yake mitatu, 2018 hadi 2020, iko chini ya ahadi ya zamani. Kuanzia 2021 ana akiba halisi, karibu sawa na ya mtu wa kampuni. Kwa akiba hii hana haja ya kungoja miaka 10 wala umri wa miaka 50 ili iwe yake. Hofu ya mamake haimhusu kwa sehemu kubwa. Ile miaka mitatu ndiyo ya kuulizia, na nilimwambia aulize kwa barua na ajibiwe kwa barua kabla ya kujiuzulu. Jibu la mdomo la karani mwema haliwezi kukusaidia miaka 25 ijayo.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo yeye hakuliona. Nilimwomba ile barua ya kampuni, tukatafuta mstari wa mchango wa uzeeni. Mwajiri mpya anachangia asilimia 5.

Tukapiga hesabu. Serikalini mshahara wake wa msingi ni shilingi 35,000. Asilimia 15 ya serikali ni shilingi 5,250 kila mwezi, pesa ambazo hazionekani kwenye mkono wake lakini ni zake. Kwenye kampuni mshahara ni shilingi 45,000, na asilimia 5 ya hapo ni shilingi 2,250. Anapoteza mchango wa shilingi 3,000 kwa mwezi. Ile nyongeza ya elfu kumi kwa kweli ni elfu saba kabla ya kodi. Makato yake mwenyewe nayo yatashuka kutoka 2,625 hadi 2,250, kwa hiyo jumla inayoingia kwenye akaunti ya uzeeni itashuka kutoka shilingi 7,875 hadi 4,500. Mkononi atahisi tajiri, huku akiba yake ya uzeeni ikipungua kwa zaidi ya theluthi moja kila mwezi.

"Kwa hivyo nisiende?" akauliza tena.

Nikamwambia sikusema hivyo. Elfu saba ni pesa, na kazi ile inaweza kumpandisha haraka. Lakini akienda, aende kwa mpango. Kwanza, aombe taarifa ya akaunti yake tangu Januari 2021 na ailinganishe na hati za mshahara. Pili, akibali pesa zile zihamishwe moja kwa moja kutoka mfuko hadi mfuko, zisipitie mkononi mwake hata siku moja, kwani yeye na tuktuk anawajua. Tatu, aiombe kampuni imruhusu kuongeza mchango wake wa hiari. Akiongeza shilingi 3,375 kutoka kwenye nyongeza yake, atarudi pale pale kwenye 7,875, na bado atabaki na zaidi mkononi.

Alikunja karatasi zake, akasema atamwonyesha mamake hesabu hiyo kwanza. Jana usiku mama akanipigia simu. Hakuuliza habari za kijana. Alitaka kujua kama kuna njia yoyote ya kurudishiwa miaka yake 14. Nilimweleza sheria ilivyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huyu naye aende, lakini hizo karatasi za kuhamisha pesa nitazisoma mimi kabla hajatia sahihi."